Bango la "wakala rasmi" halitengenezi friji

"Shikamoo mtaalamu. Mimi nipo Uyole, Mbeya. Nataka kununua friji la milango miwili la kuuzia mtindi na soda hapa dukani kwangu. Duka moja la Mwanjelwa lina bango la wakala rasmi, wanasema waranti miaka miwili na kompresa miaka kumi, bei 950,000. Duka jingine friji hilo hilo ni 1,100,000. Nitajuaje kama hawa wa bei ya chini ni mawakala kweli? Isije likaharibika halafu nikaambiwa waranti haitambuliki."

Marahaba, dada. Jibu fupi ni hili: kabla pesa haijatoka mkononi, mpigie simu yule atakayekuja kulitengeneza friji likiharibika, umsomee namba iliyobandikwa kwenye friji lenyewe. Mwenye duka hawezi kujishuhudia mwenyewe, na bango lake alilichapisha yeye au aliachiwa na mtu wa matangazo. Nitakayoandika hapa chini ni namna ya kuipiga simu hiyo na namna ya kuyapima majibu, kwa sababu majibu mara nyingi huja nusu nusu.

Tuanze na suala la ahadi ni ya nani. Jina lililo mlangoni mwa friji ni la kiwanda kilichoko China, Korea au Uturuki, na kiwanda hakina fundi Uyole. Hapa nchini ahadi ya waranti hubebwa na mtu mwingine: ama ofisi ya kampuni yenyewe, ambayo kwa majina kadhaa makubwa inahudumia Afrika Mashariki nzima kutokea Nairobi, ama mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyeingia mkataba wa kuwa msambazaji. Huyo ndiye anayeshusha makontena, ndiye anayeagiza vipuri, na ndiye mwenye orodha ya namba za mashine zote alizoingiza. Friji likifa ukampigia, kitu cha kwanza anachofanya ni kuitafuta namba yako kwenye orodha hiyo. Ikionekana na muda haujapita, fundi anapewa kazi. Isipoonekana, kwake hilo friji ni mgeni, hata kama limetoka kiwanda kilekile na lina ubora uleule.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Friji halisi ni jambo moja, na friji lenye waranti ya kampuni hapa Tanzania ni jambo jingine. Kuna wafanyabiashara wanaonunua mizigo Dubai au China wenyewe, wengine wanapitisha Tunduma vitu vilivyokuwa vimekusudiwa soko la Zambia au Afrika Kusini. Wamelipa ushuru, wana leseni ya jiji, wanatoa risiti ya EFD, na friji ni zima kabisa. Hakuna wizi hapo. Ila msambazaji wa Dar es Salaam hakupata senti kwenye mzigo huo, na hakuweka akiba ya vipuri kwa ajili yake, kwa hiyo hatautibu. Ndiyo maana mtu akikuonyesha alama ya TBS kama ushahidi wa waranti, anakujibu swali ambalo hukuuliza. TBS inahusika na viwango na usalama wa bidhaa. Haijui nani atakubadilishia kompresa mwakani.

Sasa kuhusu duka. Usifikirie kuna makundi mawili tu, mawakala na matapeli. Mbeya utakutana na aina tatu. Wapo wachache waliosajiliwa moja kwa moja na msambazaji, wananunua kwake na majina yao yapo kwake. Wapo wengi, pengine wengi zaidi, wanaonunua jumla kwa wakala wa Kariakoo na kupakia kwenye lori. Bidhaa yao imepitia njia sahihi lakini duka lenyewe halimo kwenye orodha yoyote. Halafu wapo wanaochukua mzigo ulioingia kwa njia za pembeni. Kundi la kwanza na la pili yote yanaweza kukupa waranti inayofanya kazi, na la tatu haliwezi. Kwa kuangalia duka kwa macho, na kwa kuusikiliza ulimi wa muuzaji, huwezi kuyatofautisha.

Watakuonyesha cheti ukutani. Kisome, maana cheti cha uwakala kina mambo ambayo wateja hawayaangalii. Angalia kimetolewa na nani: kiwe na jina la kampuni iliyokitoa, anwani na sahihi, siyo nembo ya friji tu iliyochapishwa kwa rangi. Angalia kimetolewa kwa nani, na jina hilo ulilinganishe na lile litakalotoka kwenye risiti ya EFD. Nimeona cheti cha kampuni moja kikiwa kimeninginia kwenye duka la kampuni nyingine kabisa, kwa sababu wenye maduka ni ndugu. Msambazaji halijui duka la pili. Angalia na tarehe ya mwisho, maana uwakala hupewa kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja mmoja, na cheti kilichoisha miaka mitatu iliyopita hakina sababu ya kuendelea kuwa ukutani isipokuwa kukuvutia wewe. Na angalia ni kwa bidhaa gani. Hili ndilo linalowashangaza watu: duka linaweza kuwa wakala halali wa televisheni za kampuni fulani bila kuwa wakala wa mafriji ya kampuni hiyohiyo. Bango la nje halitakuambia.

Cheti kikiwa safi kwa mambo yote hayo, bado piga simu.

Namba ya simu usiichukue kwenye stika ya dukani wala kwenye kadi ambayo muuzaji ameigonga mhuri. Ichukue kwenye kitabu cha maelezo kilichomo ndani ya boksi, au kwenye tovuti ya kampuni ya friji, sehemu ya huduma kwa wateja. Ukifungua tovuti angalia umeingia ukurasa wa nchi gani. Kampuni nyingi zinaiweka Tanzania ndani ya ukurasa wa Afrika Mashariki. LG kwa mfano wanatumia lg.com/eastafrica, na humo unaweza kukutana na namba za Kenya zinazoanza na +254 kabla hujaiona ya kwetu. Namba za bure za Tanzania huanza na 0800. Ukikosa yetu, piga ya Kenya uwaombe wakutajie nani anashughulikia Tanzania, wataitaja. Kampuni ambayo huoni popote mtu wa kumpigia simu kwa ajili ya Tanzania tayari imekujibu swali lako, na hapo haijalishi duka lina vyeti vingapi.

Ukishampata mtu, usiulize "hivi fulani ni wakala wenu?" ukaridhika na "ndiyo". Muulize mambo matatu, kwa mpangilio huu. La kwanza, duka hili la Mwanjelwa, ukilitaja kwa jina la kwenye risiti, limesajiliwa kwenu kuuza mafriji? La pili, nakusomea namba ya mashine, niangalizie kama mliiingiza ninyi. La tatu, likiharibika nikiwa Uyole, fundi wenu wa Mbeya ni nani, anakuja nyumbani au nalipeleka friji, na nauli ni ya nani?

Swali la tatu ndilo lenye uzito kwetu wa nyanda za juu, na ndilo linaloulizwa mara chache kuliko yote. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kampuni inaweza kuwa na waranti ya kweli kabisa, duka likawa wakala wa kweli kabisa, halafu kituo cha matengenezo kilicho karibu kikawa Dar es Salaam, na maandishi madogo kwenye kadi yakasema usafiri nje ya kilomita kadhaa kutoka kituoni ni juu ya mteja. Friji la milango miwili kwenda na kurudi kwa lori, likipigwa na mashimo, kuna siku linarudi na ugonjwa mpya. Waranti ya namna hiyo ipo kwenye karatasi tu. Kampuni yenye fundi wa mkataba Mbeya mjini, au hata Iringa au Makambako, inakufaa kuliko yenye miaka mingi ya waranti lakini mafundi wote wako Dar es Salaam. Ukipewa jina na simu ya fundi wa Mbeya, mpigie naye. Mafundi husema ukweli kuliko ofisi. Muulize kama kampuni inamlipa kwa wakati na inamletea vipuri. Fundi asiyelipwa haji, na hatakuambia kwa nini haji.

Turudi kwenye namba ya mashine. Kila friji lina kibati au stika yenye modeli, na chini yake namba iliyotanguliwa na S/N. Mara nyingi iko ndani, ukutani upande wa kushoto karibu na droo ya mboga, au nyuma karibu na kompresa. Namba hiyohiyo iko kwenye stika ya nje ya boksi, na inatakiwa iandikwe kwenye kadi ya waranti. Zote tatu zilingane, herufi kwa herufi. Zisipolingana kuna mambo mawili: ama friji lilikuwa la maonyesho likarudishwa kwenye boksi la jingine, ama boksi na friji vimekutana njiani. Yote mawili yataleta ubishi baadaye. Waombe wakufungulie boksi hapohapo dukani. Muuzaji atakayekataa kufungua boksi la friji la 950,000 mwache na friji lake.

Ukiwa umeinama unasoma S/N, soma na mistari mingine ya kibati, maana inaeleza friji lilitengenezwa kwa ajili ya soko gani. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Kibati kikisema 60Hz peke yake, friji hilo lilikusudiwa nchi kama Saudia au Korea Kusini. Angalia na plagi. Yetu ni ya pini tatu za bapa. Plagi ya pini tatu nene za mviringo ni ya Afrika Kusini, na plagi iliyokatwa ikafungwa nyingine kwa bisibisi inasema yenyewe kwamba friji lilihama nchi. Lakini usijipe matumaini kwamba plagi nzima na 50Hz ni uthibitisho, kwa sababu mzigo wa Dubai una plagi na umeme unaofanana na wetu. Kibati kinaweza kukupa sababu ya kukataa. Sababu ya kukubali inatoka kwenye simu.

Kwenye kibati hichohicho utaona pia herufi za hali ya hewa: SN, N, ST au T, wakati mwingine mbili kwa pamoja. Nazigusa kwa sababu zinahusu mikoa yetu. T maana yake friji limepimwa kufanya kazi kwenye chumba chenye joto la nyuzi 16 hadi 43, na SN ni nyuzi 10 hadi 32. Mbeya mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na Makete na Njombe ndiyo usiseme. Friji la T lenye kidhibiti kimoja cha baridi likikaa kwenye chumba cha baridi sana, kompresa inaona kumeshapoa, inalala, na sehemu ya juu ya kugandishia inayeyuka. Mteja anapiga simu friji bovu, fundi anakuja anaandika "hakuna hitilafu", na pengine anamtoza ya kuja. Hiyo siyo waranti kukataliwa kwa hila. Ukipata friji lenye SN-T, chukua hilo.

Nikupe kisa kimoja kilichopita kwenye meza ya karakana tuliyokuwa tukihudumia, uone jinsi mambo haya yanavyokutana. Friji lililetwa kutoka Tukuyu, lina miezi tisa, kompresa iko kimya. Mwenye nalo alikuwa na kadi ya waranti yenye nembo ya kampuni, imegongwa mhuri wa duka, tarehe ipo, lakini nafasi ya S/N imeachwa wazi. Risiti alikuwa nayo, ila ilikuwa imefutika ikabaki karatasi nyeupe yenye kivuli cha maandishi. Tuliposoma namba ya kwenye kibati na kuipeleka kwa msambazaji, jibu lilikuja siku hiyohiyo: haipo. Kibati kilikuwa kimeandikwa 220V 60Hz, na plagi ilikuwa ya kununuliwa dukani. Kampuni ikafunga faili. Mwenye duka kwanza alisema "waranti ni ya kampuni, nenda kampuni", na kampuni ilishasema friji siyo lake.

Kilichomwokoa mteja ni ule mhuri. Duka liligonga mhuri wake kwenye kadi inayosema miaka miwili, kwa hiyo duka lenyewe ndilo lililoahidi. Walibishana wiki kadhaa, mwishowe duka likanunua kompresa, mteja akalipa gesi, usafiri na ufundi. Hakupata haki yote, ila hakutoka mikono mitupu. Angekuwa na risiti inayosomeka, ubishi ungekuwa mfupi zaidi, kwa sababu wiki nzima ya kwanza ilipotea kwenye kuthibitisha kwamba alinunua pale.

Kwa hiyo risiti. Karatasi ya EFD inachapishwa kwa joto, na ikikaa juani au kwenye mfuko wa nailoni inafutika ndani ya miezi michache. Siku hiyohiyo ipige picha na uitoe kopi ya kawaida. Soma jina la juu na TIN: ndiyo jina ulilomtajia mtu wa huduma kwa wateja? Soma kiasi. Kuna wauzaji watakaoandika laki tano wakati umelipa laki tisa na nusu, na siku ukidai kurudishiwa pesa, laki tano ndiyo itakayojadiliwa. Halafu ingia verify.tra.go.tz, uweke namba ya uhakiki iliyoko chini ya risiti, au upige picha ule msimbo wa mraba kwa simu, uone kama TRA wanaitambua. Kwa kuwa risiti za mashine nyingi huandika "bidhaa" tu bila kutaja ni nini, dai na ankara ya duka yenye mhuri, iandikwe modeli, S/N yote, na maneno haya: "waranti ya mtengenezaji kupitia" likifuatiwa na jina la msambazaji. Sentensi hiyo fupi ni mtihani mzuri. Muuzaji anayejua mzigo wake unatoka wapi anaiandika bila kufikiri. Asiyejua atakuambia "sisi tukishagonga mhuri inatosha", na hapo ujue unapewa waranti ya duka.

Waranti ya duka siyo dhambi. Duka lililokaa Mwanjelwa miaka mingi, lenye fundi wake nyuma, linaweza kukuhudumia haraka kuliko kampuni ya Dar es Salaam. Ila ujue ndicho unachonunua, kiandikwe hivyo, na bei iwe ya hivyo. Miaka kumi ya kompresa kutoka kwa duka lenye mkataba wa pango wa mwaka mmoja, wewe mwenyewe pima.

Na hiyo miaka kumi ya kompresa, hata ikitoka kwa kampuni yenyewe, isome vizuri. Kwa kawaida mwaka wa kwanza au miwili ya kwanza inabeba kila kitu. Baada ya hapo, hadi mwaka wa kumi, kampuni inakupa kompresa kama kipuri tu. Gesi, kichujio, ufundi na usafiri ni vyako, na kwa mafriji ya inveta ile bodi ya umeme inayoiendesha kompresa mara nyingi haimo. Bodi hiyo ndiyo inayoungua umeme ukirudi kwa kishindo, na kuungua kwa umeme ni moja ya sababu za kwanza za kukataliwa madai, kwa hiyo kizuia umeme mkubwa kinunue siku hiyohiyo na friji.

Dada, kuna neno moja kwenye swali lako limenisumbua kuliko bango la Mwanjelwa. Umesema friji ni la kuuzia mtindi na soda. Kadi nyingi za waranti za mafriji ya nyumbani zina kifungu kinachosema waranti ni kwa matumizi ya nyumbani tu; yakiwa ya biashara, inafutika au inapunguzwa hadi miezi michache. Sababu yao inaeleweka: mlango wa friji la nyumbani unafunguliwa mara chache kwa siku, wa dukani unafunguliwa kila mteja akija, na kompresa haipumziki. Fundi akifika akakuta friji liko nyuma ya kaunta limejaa chupa za soda, ataandika alichokiona. Kwa hiyo ongeza swali la nne kwenye simu yako: nikilitumia dukani, waranti inabaki miezi mingapi? Sema ukweli, usiseme ni la nyumbani. Wakikuambia haitambuliki, basi maduka yote mawili yanakuuzia kitu ambacho waranti yake haikuhusu, na hapo ama uchukue friji la vioo au friza iliyotengenezwa kwa biashara yenye waranti ya biashara, ama ununue hilo la 950,000 ukijua kwamba fundi utamlipa mwenyewe.

Tuseme wamekubali matumizi ya biashara. Majibu yako ya simu yatakuja kwa moja ya sura hizi.

Duka limesajiliwa, namba ipo, fundi wa Mbeya yupo. Nunua la 950,000, na usijiulize kwa nini jingine ni ghali. Pengine pango lake ni kubwa au alinunua mzigo dola ikiwa juu.

Duka halijasajiliwa lakini namba ya mashine ipo kwenye orodha. Hili ndilo jibu la kawaida kwa maduka yetu, na linataka swali moja la ziada: risiti ya duka hili mtaipokea? Kampuni nyingine zinafuata namba ya mashine na hazijali nani alikuuzia, nyingine zinataka risiti ya wakala aliyesajiliwa. Wakisema wataipokea, waombe wakuandikie kwa ujumbe au barua pepe, sentensi moja tu, yenye S/N ndani yake. Ukiupata, nunua. Wakikataa kuandika, tumia jibu hilo kushusha bei, au nenda kwenye lile la 1,100,000 ukalifanyie simu hiyohiyo. Usidhani la bei ya juu ndilo lenye waranti. Bei kubwa haijawahi kuwa cheti.

Namba haipo. Basi kilichobaki ni waranti ya duka, na tofauti ya 150,000 ndiyo bei unayoulizwa kulipa ili upate ya kampuni kule kwingine, kama ipo. Kabla ya kuamua, pita kwa fundi wa mafriji umuulize kubadilisha kompresa ya modeli hiyo, pamoja na gesi na kazi, ni shilingi ngapi. Ukipata jibu utajua kama 150,000 ni ghali au ni nafuu. Kwa mtu ambaye mtindi ndio unaomlipia ada za watoto, ongeza na hasara ya siku ambazo friji litakuwa chini.

Na kama duka litakuambia ni wakala, ukanunua kwa neno hilo, halafu ikathibitika si wakala, hiyo siyo bahati mbaya ya biashara. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kupotosha katika biashara, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji. Watakachokuomba ni karatasi: picha ya bango, picha ya cheti, ankara, risiti, na jibu la msambazaji. Bango lipige picha leo ukipita, maana likishaleta kesi huwa linashushwa usiku.

Mwisho, friji likifika Uyole, usilichomeke papo hapo kama lilisafirishwa limelazwa. Lisimamishe masaa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Kabla ya kulichomeka, piga picha pande zote nne na kibati. Mikwaruzo na mibonyeo ya njiani haimo kwenye waranti ya kampuni, ni deni la aliyelisafirisha, na utaweza kumdai tu kama ulikiona kilichobonyea dereva bado yuko mlangoni.